Derivativu ya √x kwa kanuni ya msingi: ile √(x + h) + √x inatoka wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano. Tumepewa tutafute derivativu ya √x kwa kanuni ya msingi. Nafika kwenye (√(x + h) − √x)/h halafu nakwama, maana nikiweka h = 0 napata 0/0. Kitabu kinazidisha juu na chini kwa √(x + h) + √x na jibu linatoka, ila sioni wazo hilo limetoka wapi. Mwenzangu yeye aliandika √(x + h) = √x + √h akapata kitu kingine kabisa. Naomba unieleweshe hatua kwa hatua.

Jibu: Marahaba. Hapo ulipokwama ndipo hesabu yenyewe ilipo, kwa hiyo tupachimbe vizuri.

Kwanza, hiyo 0/0 isikutishe. Haimaanishi umekosea, na wala si jibu. Kila derivativu inayotafutwa kwa kanuni ya msingi huanzia hapo, kwa sababu h ikipungua kuelekea sifuri, badiliko la juu na badiliko la chini yote mawili yanaisha. Kumbuka ulivyofanya kwa x². Juu ulikuwa na (x + h)² − x², ukafungua mabano, ukabaki na 2xh + h². Hapo h ilijitokeza yenyewe, ukaitoa nje kama kigawo, ukaikata na ile ya chini, na 0/0 ikatoweka. Kwa √x mpango ni uleule: tunatafuta h juu ili tuikate na h ya chini. Tatizo ni kwamba h ya juu imefungiwa ndani ya alama ya kipeuo pamoja na x, na huwezi kuikata ikiwa bado imo humo. Kazi yote iliyobaki ni kuitoa.

Kabla ya aljebra, tuangalie umbo, maana ile √(x + h) + √x inaonekana kwa macho. Chukua kiwanja cha ishirini kwa ishirini, yaani mraba wa mita 20 kila upande. Eneo lake ni mita za mraba 400, na upande ni kipeuo cha pili cha eneo: √400 = 20. Sasa mwenye kiwanja anaongezewa eneo, lakini kiwanja kibaki mraba. Akiongezewa mita za mraba 41, eneo linakuwa 441 na upande unakuwa 21. Eneo limeongezeka kwa 41, upande umeongezeka kwa 1, kwa hiyo uwiano wa badiliko la upande kwa badiliko la eneo ni 1/41.

Hiyo 41 ni nini? Ni 21 + 20, upande mpya ukijumlishwa na upande wa zamani. Hili halikutokea kwa bahati. Eneo lililoongezwa ni ukanda wenye umbo la herufi L, unaopita pande mbili za kiwanja cha zamani na kukutana kwenye kona. Ukikata ukanda huo pale konani na kuunyoosha, unapata mstatili mmoja mrefu wenye upana wa mita 1. Kipande kimoja kina urefu wa mita 20, na kingine, kile kilichobaki na kona, kina urefu wa mita 21. Jumla ni mita 41. Kwa maneno mengine:

eneo lililoongezwa = badiliko la upande × (upande mpya + upande wa zamani)

Andika hilo kwa alama zako. Eneo la zamani ni x, eneo lililoongezwa ni h, upande wa zamani ni √x, upande mpya ni √(x + h). Basi:

h = (√(x + h) − √x)(√(x + h) + √x)

Hii ni tofauti ya miraba miwili, a² − b² = (a − b)(a + b), ambayo umeijua tangu sekondari ya chini. Hapa a ni √(x + h) na b ni √x, na a² − b² ni (x + h) − x, yaani h. Kwa hiyo usemi ambao kitabu kinauzidishia hakuna aliyeuokota hewani. Ni kigawo cha pili cha h. Chini una h, ambayo ni zao la vigawo viwili. Juu tayari una kigawo kimoja, (a − b). Kilichokosekana ni kutambua kwamba kile cha pili ni (a + b).

Sasa tuiandike kama mtihani unavyotaka. Fanksheni ni f(x) = √x, na tunachukua x iliyo kubwa kuliko sifuri. Kanuni ya msingi inasema:

f′(x) = lim (h → 0) [f(x + h) − f(x)] / h

Weka fanksheni yetu:

f′(x) = lim (h → 0) [√(x + h) − √x] / h

Zidisha juu na chini kwa √(x + h) + √x, ambayo huitwa konjugeti ya usemi wa juu, yaani usemi uleule ukiwa umegeuziwa alama ya katikati:

f′(x) = lim (h → 0) [√(x + h) − √x][√(x + h) + √x] / ( h[√(x + h) + √x] )

Juu panakuwa tofauti ya miraba miwili:

f′(x) = lim (h → 0) [(x + h) − x] / ( h[√(x + h) + √x] )

x zinaondoana, inabaki h peke yake juu:

f′(x) = lim (h → 0) h / ( h[√(x + h) + √x] )

Kata h kwa h. Inaruhusiwa, kwa sababu ndani ya kikomo h inakaribia sifuri bila kuwa sifuri:

f′(x) = lim (h → 0) 1 / [√(x + h) + √x]

Hapa ndipo unapoweka h = 0, si kabla:

f′(x) = 1 / (√x + √x) = 1 / (2√x)

Kuna mambo mawili katika mistari hiyo ambayo wanafunzi huyapita haraka. La kwanza: kuzidisha juu na chini kwa kitu kilekile ni sawa na kuzidisha kwa 1, lakini sharti kitu hicho kisiwe sifuri. Je, √(x + h) + √x inaweza kuwa sifuri? Haiwezi, kwa sababu x ni chanya, kwa hiyo √x ni chanya, na √(x + h) haiwi hasi kamwe. Jumla yao haipungui √x. Hii ndiyo sababu tunasema x > 0 tangu mwanzo, na inatosha kuiandika kwa mstari mmoja pembeni. Ukumbuke pia kwamba h inaweza kuwa hasi, mradi isiwe ndogo kuliko −x, maana x + h ikishuka chini ya sifuri kipeuo hakipo katika namba halisi.

La pili ni ile hatua ya mwisho. Tulipoweka h = 0 tulichukulia kwamba √(x + h) inakaribia √x pale h inapokaribia sifuri. Wengi huona ni jambo la wazi, lakini mtu akikubana useme kwa nini, jibu unalo tayari. Gawa ule mlinganyo wa kiwanja kwa (a + b):

√(x + h) − √x = h / [√(x + h) + √x]

Chini hapapungui √x, kwa hiyo tofauti hiyo, bila kujali alama yake, haizidi ukubwa wa h ukigawanywa kwa √x. x haibadiliki, h inaenda sifuri, basi tofauti nayo inaenda sifuri. Konjugeti ileile iliyokutoa kwenye 0/0 imekupa na uhakika wa hatua ya mwisho.

Turudi kwenye kiwanja tupime jibu. Kwa x = 400, 1/(2√400) ni 1/40, yaani 0.025. Tulipoongeza mita za mraba 41 tulipata 1/41. Ukipunguza mita za mraba 39, eneo linakuwa 361 na upande 19. Badiliko la upande ni −1, badiliko la eneo ni −39, uwiano ni 1/39. Jibu letu, 1/40, limekaa katikati ya hizo mbili. Sogea karibu zaidi: upande ukiwa 20.1, eneo ni 404.01, h ni 4.01, na uwiano ni 0.1/4.01, ambao ni 1/40.1. Upande ukiwa 20.01, eneo ni 400.4001, na uwiano ni 1/40.01. Hapa huhitaji hata kikokotoo. Chini pana upande mpya ukijumlishwa na 20, na upande mpya unavyorudi kuelekea 20, jumla inakuwa 40. Ile 2 iliyo kwenye 2√x ni pande mbili za kiwanja ambazo ukanda unapita.

Sasa kwa mwenzako. Aliandika √(x + h) = √x + √h. Jaribu namba: x = 9 na h = 16. Kushoto ni √25, yaani 5. Kulia ni 3 + 4, yaani 7. Kipeuo hakigawanyiki juu ya kujumlisha. Kinagawanyika juu ya kuzidisha tu. Lakini angalia alikofikishwa na kosa hilo, kwa sababu jibu lenyewe linajishtaki. Juu alibaki na √x + √h − √x, yaani √h. Akigawanya kwa h anapata 1/√h. h ikienda sifuri, namba hiyo inakua bila kikomo. Na x imetoweka kabisa. Angekuwa sahihi, grafu ya √x ingekuwa imesimama wima kila mahali, kwenye x = 1, kwenye x = 400, popote. Ukichora grafu hiyo kwa mkono tu unaona inapanda kwa kasi mwanzoni, kisha inalala kadiri unavyokwenda kulia. Derivativu isiyo na x ndani yake, kwa fanksheni ambayo grafu yake si mstari mnyoofu, ni ishara ya kurudi nyuma kutafuta kosa.

Kosa la pili ninaloliona sana kwenye madaftari ni kuzidisha kwa usemi uleule badala ya konjugeti, yaani kwa √(x + h) − √x. Mwanafunzi anakumbuka kwamba kipeuo huondolewa kwa kukipandisha kwenye mraba, basi anafanya hivyo kwa usemi mzima. Kinachotoka ni:

[√(x + h) − √x]² = (x + h) − 2√(x + h)√x + x

Kipeuo bado kipo, kimejificha katikati. (a − b)² huleta −2ab, na hiyo ab ndiyo yenye vipeuo. (a − b)(a + b) huleta −ab na +ab, zinauana, na vinabaki a² na b² peke yake. Hii ndiyo sababu alama ya katikati lazima igeuzwe. Usiposhawishika, zidisha mwenyewe mara moja kwa mkono, vipande vyote vinne, uone vile viwili vya katikati vikiondoana.

Kosa la tatu halionekani kuwa kosa, lakini linapoteza watu. Baada ya kuzidisha, mtu anafungua mabano ya chini na kuandika h√(x + h) + h√x. Si uongo, ila sasa h imetawanyika sehemu mbili, na mara nyingi anaikata na moja tu, akaacha nyingine. Anaishia na 1/[√(x + h) + h√x], na akiweka h = 0 anapata 1/√x, mara mbili ya jibu sahihi. Ukikuta jibu lako ni 1/√x, kuna uwezekano mkubwa ndicho kilichotokea. Dawa yake ni kuacha chini ndani ya mabano na kufungua juu tu. Juu ndiko tunakoitafuta h. Chini hatuna cha kutafuta.

Kuhusu alama za mtihani, neno moja. Endelea kuandika lim (h → 0) katika kila mstari hadi ule ambao unaweka h = 0, kisha uiondoe. Mtu akiiacha mapema, mistari yake inasema vitu viwili tofauti ni sawa. Akiiendeleza hadi kwenye 1/(2√x), anaonyesha kwamba hajui kikomo kimechukuliwa wapi.

Maswali ya mitihani mara nyingi hayaishii kwenye √x tupu, kwa hiyo tufanye moja lenye mtego: f(x) = √(2x + 5). Mtego uko kwenye f(x + h). Wengi huandika √(2x + 5 + h), kana kwamba h inabandikwa mwishoni. Lakini f(x + h) maana yake kila palipo na x uweke (x + h), kwa mabano yake. Kwa hiyo:

f(x + h) = √(2(x + h) + 5) = √(2x + 2h + 5)

Konjugeti ni √(2x + 2h + 5) + √(2x + 5). Ukizidisha, juu panakuwa:

(2x + 2h + 5) − (2x + 5) = 2h

Mabano ya pili ni ya lazima. Ukiyasahau unapata 2x + 2h + 5 − 2x + 5, na 5 hazitaondoana. Utabaki na 2h + 10, na h haitakatika. Hiki nacho ni kipimo kizuri: baada ya kuzidisha kwa konjugeti, kila kitu kisicho na h lazima kiondoke juu. Kikibaki hata kimoja, alama imekosewa mahali. Endelea:

f′(x) = lim (h → 0) 2h / ( h[√(2x + 2h + 5) + √(2x + 5)] )

f′(x) = lim (h → 0) 2 / [√(2x + 2h + 5) + √(2x + 5)]

f′(x) = 2 / (2√(2x + 5)) = 1/√(2x + 5)

Pima kwa x = 2. Jibu linasema 1/√9, yaani 1/3. Chukua h = 0.01: √9.02 ni 3.003331 kwa desimali sita, toa 3, gawa kwa 0.01, unapata 0.3331. Imekaribia 0.3333 inavyotakiwa. Aliyeandika √(2x + 5 + h) angepata nusu ya jibu hilo, 1/6, na kipimo hiki cha dakika moja kingemwonyesha.

Kuna sehemu moja ambayo tumeikwepa kwa kusema x > 0. Nini kinatokea kwenye x = 0 penyewe? √0 ipo, ni 0, kwa hiyo fanksheni inafika hapo. Lakini uwiano wetu unakuwa (√h − 0)/h, yaani 1/√h, na h lazima iwe chanya. Kwa h = 0.01 unapata 10. Kwa h = 0.0001 unapata 100. Kwa h = 0.000001 unapata 1000. Haitulii kwenye namba yoyote, kwa hiyo derivativu haipo kwenye sifuri. Kwenye grafu, tanjenti pale mwanzo imesimama wima. Fomula nayo inakubaliana: 1/(2√x) haina thamani x ikiwa 0. Kwa hiyo, ingawa √x inakubali x kuanzia sifuri, derivativu yake inakubali x iliyo kubwa kuliko sifuri tu. Swali likikuuliza derivativu ipo kwa x zipi, tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotafutwa. Na ona jambo la kuchekesha kidogo: hesabu ya mwenzako, 1/√h, ni sahihi mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni hapa.

Mtu anaweza kuuliza kama konjugeti ni ujanja wa kwenye karatasi tu. Sivyo. Chukua kikokotoo kinachoonyesha tarakimu kumi, tumia x = 400 na h = 0.0000001. √400.0000001 ni 20.0000000025, lakini kioo chenye tarakimu kumi kitakuonyesha 20. Ukiandika namba hiyo pembeni kisha ukatoa 20, unapata 0, na uwiano unakuwa 0. Kadiri unavyopunguza h ukidhani unakaribia ukweli, ndivyo tarakimu zinazobeba habari zinavyopotea wakati wa kutoa namba mbili zinazokaribiana mno. Kompyuta ina tarakimu nyingi zaidi, karibu 16, lakini ugonjwa ni uleule. Ukiwa na Python, jaribu hii:

```python
from math import sqrt
x = 400
for h in (1e-3, 1e-8, 1e-13, 1e-14):
    a = (sqrt(x + h) - sqrt(x)) / h
    b = 1 / (sqrt(x + h) + sqrt(x))
    print(h, a, b)
```

Safu ya a inatumia uwiano wa mwanzo, safu ya b inatumia uwiano baada ya konjugeti. Kwa aljebra ni kitu kimoja. Lakini h ikifika 1e-13, a inasema karibu 0.0355, na kwa 1e-14 inasema 0.0. b inabaki 0.025 kwa hali zote mbili, kwa sababu ndani yake hakuna kutoa. Kuna kujumlisha namba mbili chanya. Kutoa ndiko kulikoleta 0/0 kwenye karatasi, na kutoa ndiko kunakoharibu tarakimu kwenye mashine.

Mwisho, ujue konjugeti inaishia wapi. Ukipewa kipeuo cha tatu, ∛x, kuzidisha kwa ∛(x + h) + ∛x hakutakusaidia. Utapata a² − b², ambapo a² ni kipeuo cha tatu kilichopandishwa kwenye mraba, na h bado imefungiwa ndani. Unachotaka ni a³ − b³, maana hiyo ndiyo (x + h) − x. Basi tafuta kigawo cha pili cha a³ − b³:

a³ − b³ = (a − b)(a² + ab + b²)

Kwa hiyo zidisha juu na chini kwa a² + ab + b², ambapo a = ∛(x + h) na b = ∛x. Juu panabaki h, unaikata, na chini, h ikienda sifuri, a inakuwa sawa na b, na ile jumla ya vipande vitatu inakuwa 3b². Derivativu ni 1/(3(∛x)²), kwa x yoyote isiyo sifuri. Kwa x = 8 inatoa 1/12, yaani karibu 0.0833. Upime mwenyewe bila kikokotoo cha vipeuo, kwa kuanzia upande mpya kama tulivyofanya kwenye kiwanja: 2.01 ikipandishwa kwenye kipeo cha tatu ni 8.120601, h ni 0.120601, na 0.01/0.120601 ni karibu 0.0829.